Kabla ya kuagiza mashine ya maji: hiyo 350 katikati ni ya nani?

*"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Nina kisima kirefu nyumbani, maji yamepimwa, ni matamu na hayakauki hata Oktoba. Nina milioni 140, sehemu kubwa ni kiinua mgongo. Muuza mashine amenihakikishia kwamba chupa ya nusu lita haizidi shilingi 150 kuitengeneza, na dukani inauzwa 500. Binti yangu aliye Mzumbe amenichorea zile 'nguvu tano za ushindani' akaniambia zote ni kali, nisithubutu. Mbona basi kila mwaka vinafunguliwa viwanda vipya vya maji? Nani yuko sahihi?"*

Shikamoo Mwalimu. Nianze na binti, maana mchoro wake si wa kupuuza, ila ameusoma kama kadi ya matokeo ya mtihani: kali, kali, wastani, kali, umefeli. Michael Porter wa Harvard, alipouweka hadharani mwaka 1979, hakukusudia tujumlishe alama. Swali lake ni la mtu wa fedha: katika kila shilingi anayotoa mnywaji, ni nani mwenye ubavu wa kuikata kabla haijakufikia? Anaweza kuikata anayekuuzia malighafi, au anayenunua kwako, au mpinzani anayekulazimisha kushusha bei, au mgeni anayefungua kiwanda mwakani, au kitu kingine kinachokata kiu ile ile. Hao ndio watano. Ukimwona kila mmoja na kisu chake, na ukajua kinakata wapi, utajua kama biashara inavutia. Jibu huwa tofauti kwa chupa ya nusu lita na kwa dumu la dispensa, ingawa maji ni yale yale ya kisima chako.

Kuhusu viwanda vipya kila mwaka: hiyo si dalili ya neema. Nitaifikia.

Kwanza tuitembeze barabarani ile 350 iliyo kati ya 150 ya kutengeneza na 500 ya dukani, tuone inafika wapi. Namba nitakazotumia ni za mfano, zenye ukubwa unaoingia akilini. Ukishapata za kwako, futa zangu uandike zako. Kiwandani huuzi chupa, unauza katoni. Chukua katoni ya chupa 12 za nusu lita. Mnywaji akilipa 500 kwa kila moja, katoni nzima ni 6,000. Mwenye duka hawezi kuinunua kwa 6,000 naye akala. Tuseme anaipata kwa 3,700. Aliyemuuzia ni mtu wa jumla, naye aliichukua kwako kwa 3,000. Kwa hiyo nusu ya fedha imekwisha ondoka kabla hujaiona.

Katika hiyo 3,000 imo VAT ya asilimia 18. Gawanya kwa 1.18, unabaki na 2,542. Maji ya chupa pia yana ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa lita, na kila chupa lazima ibebe stempu ya kielektroniki ya TRA. Tuweke 450 kwa vyote viwili kwa katoni ya lita sita. Umebaki na 2,092. Sasa toa ile 150 ya muuza mashine mara 12, yaani 1,800. Mkononi una shilingi 292 kwa katoni, kama 24 kwa chupa, nawe ulikuwa unaota 350.

Na hiyo 292 haijalipa mtu mshahara. Ndiyo inayotakiwa kubeba umeme, vijana wa kiwandani, lori na dereva wake na utingo, vipimo vya maabara, chupa zilizopasuka na katoni za bure unazogawa ili watu wakujue. Tuseme mambo hayo yanakula milioni 9 kwa mwezi, uuze usiuze. Utahitaji katoni 30,800 kwa mwezi ili tu usipate hasara. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni karibu katoni 1,185 kwa siku, chupa zaidi ya 14,000. Mashine ndogo ya kujaza chupa 2,000 kwa saa, ikifanya kazi saa nane bila kusita, inatoa 16,000. Maana yake unatakiwa uwe umejaa karibu hadi shingoni ndipo usimame pale pale ulipoanzia.

Hesabu hiyo haijasema kwamba haiwezekani. Imesema tu kwamba huna nafasi ya kuteleza. Zile nguvu tano zinakuja kukuambia ni nani atakayekusukuma, na mara ngapi.

Tumchukue anayekuuzia. Wengi wanadhani malighafi ya kiwanda cha maji ni maji. Kisima ulicho nacho ni kitu kizuri, lakini maji ndiyo sehemu rahisi kuliko zote ndani ya chupa. Malighafi yako hasa ni prifomu, vile vichupa vifupi vinene vyenye shingo iliyokwisha chongwa nyuzi, ambavyo mashine huvipasha moto na kuvipuliza vikawa chupa. Prifomu hutengenezwa kwa plastiki ya PET, na PET huzaliwa kwenye mafuta ya petroli na kununuliwa kwa dola. Mafuta yakipanda au shilingi ikishuka, mwenye prifomu anakupigia simu Jumatatu kukuambia bei mpya, wala haombi radhi. Huna pa kukimbilia, kwa sababu shingo ya prifomu inalingana na kifuniko chako na gramu zake zinalingana na umbo la chupa yako. Kubadili mtu si kama kubadili duka la unga. Tena wewe utanunua mifuko, wakati kiwanda kikubwa kinanunua makontena, au kinatengeneza prifomu chenyewe.

Prifomu na kifuniko vikipanda kwa shilingi 15 tu kwa chupa, katoni imeongezeka 180. Ile 292 imekuwa 112. Katoni unazohitaji kwa mwezi zimeruka kutoka 30,800 hadi 80,000 na zaidi, na mashine yako italazimika kufanya kazi zaidi ya saa 18 kwa siku bila kusita. Hujakosea chochote. Maji ni matamu vile vile, vijana wanafanya kazi, na kiwanda kimekufa.

Utasema: basi napandisha bei. Hapo ndipo tunamfikia mnunuzi, na hapa nataka twende taratibu, kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka.

Nenda kasimame stendi ya Msamvu basi linapoingia. Vijana wanakimbilia madirishani na ndoo za maji. Abiria anatoa mkono na sarafu ya 500 anasema, "Nipe maji, ya baridi." Hasemi nembo. Anapokea alichopewa, anagusa kama kina baridi, basi linaondoka. Nani amechagua maji hapo? Si abiria. Ni kijana mwenye ndoo, na kijana amechagua asubuhi kwa kigezo kimoja: katoni ipi inamwachia mia mbili zaidi. Ukimwendea mwenye duka la mtaani ni hivyo hivyo. Mnywaji mmoja mmoja hana nguvu yoyote juu yako, lakini hayupo mezani. Aliye mezani ni mtu wa jumla, mwenye duka na mchuuzi, na hao wana nembo saba za kuchagua, zote maji, zote za bei karibu sawa. Kubadili kutoka kwako kwenda kwa mwingine hakuwagharimu hata dakika.

Halafu kuna friji. Maji ya moto hayauziki Morogoro saa nane mchana, na friji nyingi za madukani zimetolewa na kampuni za soda. Aliyetoa friji anataka vya kwake vikae humo. Wewe utawekwa chini sakafuni karibu na mafuta ya taa, na mwenye duka atakuambia kwa upole, "Ya kwako hayatoki." Atataka pia mali kauli: uache katoni leo, akulipe zikiisha. Nilisimamia mauzo ya kiwanda kidogo cha maji kwa miaka minne, na kilichotuumiza si wapinzani. Ni daftari la mali kauli. Kiwanda kwenye makaratasi kilikuwa na faida, wakati fedha zote zilikuwa mitaani, katika maduka 300 yanayodaiwa elfu kumi na tano kila moja, na mafuta ya lori la kuzifuata yalikuwa ghali kuliko deni lenyewe.

Na ile bei ya 500 ina ukaidi wake. Ni sarafu moja. Mnywaji hana chenji ya 550, mchuuzi hana muda wa kuitafuta na basi halisubiri. Kwa hiyo gharama ikipanda, bei ya mwisho haisogei, wala fungu la mchuuzi na la duka halipungui, maana wao wanaweza kukuacha. Kinachopungua ni fungu la yule asiyeweza kuondoka, naye ni wewe uliyekwisha jenga.

Sasa wapinzani. Binti yako ameandika "wengi". Idadi si tatizo kubwa sana. Tatizo ni sura ya gharama zao. Kiwanda cha maji kikishajengwa, kuongeza katoni moja hakugharimu sana zaidi ya plastiki na kodi. Kwa hiyo kila mwenye mashine isiyojaa anaona heri auze kwa kupunguza mia mbili kuliko mashine ilale. Mmoja akipunguza, wote wanafuata, kwa sababu hakuna mtu dukani anayeweza kutofautisha maji yako na ya jirani. Mia mbili kwenye bei ya katoni, ukitoa VAT, inakupunguzia kama 169 katika ile 292. Hapo umebaki na 123, ugonjwa ule ule wa prifomu kwa mlango mwingine.

Wakubwa nao wana silaha ambayo huwezi kuinunua kwa milioni 140. Bonite wa Moshi wanatengeneza maji ya Kilimanjaro, na wanatengeneza soda. Bakhresa wana maji ya Uhai, na wana juisi, soda, unga na vingine vingi. Lori linalopeleka soda dukani linapeleka na maji, kwa dereva yule yule na mafuta yale yale. Kwao maji yamepanda gari ambalo lilikuwa linakwenda hata hivyo. Kwako maji ndiyo abiria pekee, naye alipe nauli yote.

Watu hunijibu kwamba maji ni mazito, hivyo umbali utanilinda na wa Dar es Salaam. Hoja ni nzuri, basi tuipime badala ya kuiamini. Katoni ya lita sita ina kilo sita na kidogo. Semitrela ya tani 28 inabeba kama katoni 4,500. Tuseme safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita kama 190, inagharimu 900,000. Hiyo ni shilingi 200 kwa katoni. Huo ndio ukuta wako wote, Mwalimu: mia mbili. Na ukitaka wewe kwenda Dodoma, kilomita kama 260, kwa lori dogo la tani tatu na nusu lenye katoni 560, safari ya 400,000 inakula zaidi ya mia saba kwa katoni. Yaani yeye anakufikia kirahisi kuliko wewe unavyoweza kutoka. Soko lako halisi ni mji na vijiji vya karibu. Ukichambua "soko la maji Tanzania" umechambua soko la mtu mwingine.

Nilisema nitafika kwenye viwanda vipya. Jiulize umehitaji nini hadi sasa: kisima, milioni 140, na muuza mashine mwenye maneno matamu. Vibali vipo na havikwepeki. Matumizi ya maji ya kisima kwa biashara yanapita Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mazingira ni NEMC, na ubora ni TBS, ambao tangu 2019 ndio pia wanaosajili majengo na bidhaa za chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA. Ni usumbufu, ni muda, lakini si ukuta, kwani aliyefuata masharti hupata. Wepesi wa kuingia unaokufurahisha leo, ndio utakaomfurahisha jirani yako mwakani siku utakapoanza kupata faida. Muuza mashine yule yule atampeleka kuona kiwanda chako kama mfano wa mafanikio.

Mlango wa kutokea, kwa upande mwingine, ni mwembamba. Mashine ya kupuliza chupa haifai kwa alizeti wala kwa mahindi. Anayeshindwa hafungi, anaendelea kuuza kwa bei ya kulipia umeme tu, akisubiri mnunuzi wa mitambo. Viwanda vya namna hiyo ndivyo vinavyoshikilia bei chini kwa kila mtu. Ukitaka kipimo cha haraka cha mvuto wa biashara hii, tafuta matangazo ya mitambo ya maji iliyotumika. Ukikuta mingi, ya miaka miwili au mitatu, inauzwa kwa nusu bei, hapo umesoma zaidi ya nitakavyoandika mimi.

Mbadala sitautilia maneno mengi. Nyumbani ni bomba la MORUWASA na sufuria ya kuchemshia, au chujio la kauri. Njiani ni soda na juisi. Mbadala haukuui kwa siku moja. Unaweka dari juu ya bei, basi.

Mpaka hapa binti ameshinda kwa nusu lita, na mimi nimemsaidia. Lakini hakuuliza swali moja: nguvu hizi zingekaaje kama ungeuza maji hayo hayo kwa chombo kingine na kwa mtu mwingine?

Chukua dumu la lita 18.9, lile la kwenye dispensa. Dumu hurudi. Unalinunua mara moja, unalisafisha, unalijaza tena mara nyingi, kwa hiyo mwenye prifomu amepoteza kisu chake. Kilichobaki cha kununua kila mara ni kifuniko, lebo na stempu. Mnunuzi naye amebadilika. Huuzii duka, unampelekea anayekunywa: ofisi, zahanati, shule binafsi, hoteli ndogo, nyumba yenye watoto. Hakuna friji ya mtu mwingine katikati wala mtu wa jumla. Umbali nao sasa unakulinda kweli, kwa sababu biashara hii ni ya kupigiwa simu saa nne na dumu kufika kabla ya saa sita. Semitrela kutoka Dar es Salaam haiwezi kufanya hivyo, kijana wako mwenye guta anaweza.

Hesabu yake: tuseme unajaza na kufikisha kwa 5,000. Toa VAT, 4,237. Ushuru ni wa kwa lita, na hapa lita ni nyingi. Kwa kiwango kile kile nilichotumia juu, dumu moja linabeba karibu 1,417. Wengi wanasahau hapa, wanadhani chombo kikubwa kimekwepa kodi. Umebaki na 2,820. Kifuniko, lebo na dawa ya kuoshea, weka 400. Kufikisha, weka 650. Mkononi una kama 1,770 kwa dumu. Kwa kuwa hununui mashine ya kupuliza wala lori kubwa, gharama za mwezi huenda zikawa milioni 6. Zigawe: madumu 3,400 kwa mwezi, kama 130 kwa siku. Mteja anayetumia manne kwa wiki hufikisha 17 kwa mwezi. Unahitaji wateja 200 wa namna hiyo.

Namba hii naipenda kwa sababu inahesabika kwa miguu. Katoni 30,800 hakuna anayeweza kuziona kichwani, lakini ofisi 200 unaweza kuzitembelea.

Usidhani nimekupeleka peponi. Ofisi zinachelewesha malipo. Utapewa LPO leo na hela baada ya siku 60, na taasisi kubwa ikijua inakupa robo ya mauzo itaomba bei ishuke. Hiyo ni nguvu ya mnunuzi ile ile, imevaa tai. Madumu yanakula mtaji: kila mteja wa manne kwa wiki anahitaji kama manane, manne kwake na manne njiani au kiwandani. Kwa wateja 200 ni madumu 1,600, na kwa 12,000 kila moja hiyo ni zaidi ya milioni 19 imekaa kwenye veranda za watu. Chukua amana ya chombo tangu siku ya kwanza, hata kwa rafiki. Kuosha ndiko kunakoua jina: dumu lililowekewa mafuta ya taa au juisi nyumbani kwa mtu linarudi na harufu, na ukilijaza bila kulinusa, mteja atakayelipata hatakupigia simu kulalamika, ataacha tu. Kuna pia wajanja wanaojaza madumu yenye lebo yako kwa maji ya bomba. Na wakubwa nao wanauza haya madumu. Ushindani upo, ila hapa anayeshinda ni anayefika mapema na kumjua mhudumu wa mapokezi kwa jina, na hilo mtu wa Morogoro ana nafasi nalo.

Kwa hiyo hukumu yangu: nusu lita na lita moja na nusu kwa maduka, kwa mtaji wako, hapana. Dumu, labda, na "labda" hiyo igeuke ndiyo au hapana kabla hujatoa senti.

Igeuzwe hivi. Chukua wiki mbili na daftari. Wiki ya kwanza tembea maduka 40, kuanzia Msamvu hadi Kihonda. Usijitambulishe kama mwekezaji, nunua maji. Hesabu nembo zilizopo, andika zipi ziko ndani ya friji na friji ni ya nani, uliza kwa upole katoni wanaichukua kwa bei gani, na kama wanalipa papo hapo au mali kauli. Uliza ni nembo ipi ilikuwapo mwaka juzi na sasa haipo. Majibu ya swali hilo yatakukalisha chini. Wiki ya pili acha maduka, nenda kwenye ofisi na zahanati. Uliza wanatumia madumu mangapi kwa wiki, wanalipa kiasi gani, wanalipaje, na aliyewahi kuwachelewesha ni nani. Ukipata wateja 80 wanaolipa kwa wakati na wanaolalamikia huduma ya sasa, kuna mlango wa kuingilia. Ukikuta wote wameridhika, au wote wanadaiwa na anayewapelekea, huna pa kuingilia kwa dumu pia.

Kuna njia ya tatu ya kupima: usijenge kabisa mwanzoni. Viwanda vyenye mashine iliyolala vipo, na baadhi vitakujazia madumu kwa lebo yako kwa malipo. Fungu lako litakuwa jembamba, lakini baada ya miezi sita utakuwa na daftari la wateja halisi, wakati milioni 120 zako bado ziko benki. TBS watahitaji nembo na bidhaa isajiliwe hata ukijaziwa, kwa hiyo pita kwao kwanza.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kodi na stempu, kaa na mhasibu anayehudumia kiwanda cha vinywaji sasa hivi, si mhasibu yeyote, akukokotolee kwa viwango vya mwaka huu. Namba zangu za ushuru ni za mfano na zinaweza kugeuza hukumu yote. Kisima, mwite mtaalamu wa maji chini ya ardhi akipime kwa kukivuta mfululizo kwa saa 24 au zaidi. "Hakikauki" kwa matumizi ya nyumbani ni tofauti na kuvutwa kila siku. Na kabla ya kusaini mkataba wa mkopo wowote unaoweka nyumba dhamana, muone mwanasheria na umpeleke na mwenzi wako.

Huyo muuza mashine usimgombeze, anafanya kazi yake. Muombe jambo moja tu: akupeleke kwa wateja watatu aliowauzia mashine miaka mitatu iliyopita, siyo mwaka huu. Fika saa tano asubuhi bila kuwapigia simu kwanza, usikilize kama mashine inalia.